Barua ya Kukiri Kosa Langu, Iliyoandikwa na Bosi

Nilifika kazini saa moja na nusu asubuhi nikakuta barua mezani kwangu.

Ilikuwa barua ya kukiri kosa. Jina langu lipo juu, cheo changu kipo, tarehe ya siku ile ipo. Chini kuna mstari wa sahihi, na kalamu imelazwa pembeni kabisa, kofia imeshatolewa.

Tatizo ni moja tu. Sikuwa nimeiandika mimi.

Na tatizo la pili, ambalo ndilo linanifanya niwaandikie leo: kosa lenyewe nilikuwa nimelifanya kweli.

Tulieni niwasimulie.

Mimi kazi yangu ni kutakasa vifaa vya upasuaji hospitalini. Mikasi, koleo, vishikio, vyote vinavyoingia kwenye mwili wa mtu. Vikitoka thieta vinakuja kwetu na damu. Tunaviosha, tunavikagua, tunavifunga kwenye pakiti, tunavitia kwenye mashine ya mvuke. Vinatoka humo havina mdudu hata mmoja.

Watu wa nje hawatujui. Mgonjwa akipona, daktari anashukuriwa. Sisi tuko chini kwenye korido ya mwisho, karibu na chumba cha kufulia, tunanuka sabuni na joto.

Mkuu wetu tulimwita Chuma. Mbele yake tunasema "mzee", akigeuka ni Chuma. Miaka thelathini kazini, hacheki, hasalimii, na ukichelewa dakika tano anakuangalia mpaka unajisikia umeiba.

Basi, Jumanne, siku moja kabla ya barua hiyo, mashine namba mbili, mzunguko wa tatu. Nilipanga ndani pakiti sita.

Simu ya thieta ikalia. "Vifaa viko wapi?"

"Viko kwenye mashine, sista."

Baada ya dakika kumi, ikalia tena. Baada ya dakika tano, tena.

"Nyie huko chini mnapika ugali au mnafanya nini? Mgonjwa yuko mezani!"

Mashine ikalia kengele. Nikafungua mlango. Tepu za nje ya pakiti zilikuwa zimebadilika zikawa nyeusi, kama inavyotakiwa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Tepu ya nje inakwambia kitu kimoja tu: pakiti hii imeguswa na joto. Haikwambii joto lilikuwa la kutosha, wala lilikaa muda gani. Hilo linasemwa na risiti ambayo mashine inatema kila ikimaliza. Unatakiwa kuisoma kabla hujatoa pakiti hata moja. Nyuzi mia moja thelathini na nne, dakika nne kamili. Ndipo unaandika kwenye daftari "imepita" na kusaini.

Na kengele ya mashine ile, ikimaliza vizuri inalia, ikishindwa inalia vilevile.

Mimi nilichana risiti, nikaitia mfuko wa aproni, nikaandika "imepita", nikasaini. Saa nne na dakika ishirini. Pakiti zikapanda juu.

Saa tisa alasiri nakaa kubandika risiti za siku kwenye daftari. Naitoa ile mfukoni, naikunjua.

Nyuzi mia moja thelathini na nne: dakika moja na sekunde kumi. Halafu joto limeshuka. Halafu neno moja chini: HITILAFU.

Nikaisoma mara ya pili.

Nikaenda kwa Chuma na risiti mkononi. Akaiangalia. Akaikunja mara mbili, taratibu, akanirudishia.

"Vilioshwa?"

"Vilioshwa, mzee."

"Vilikaa kwenye mvuke?"

"Dakika moja na..."

"Nimekuuliza vilikaa, hujaulizwa dakika. Nenda kaendelee na kazi. Na mdomo wako ufunge kama unavyofunga pakiti."

Nikatoka. Nikasimama koridoni.

Siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilisimama pale muda mrefu, nikiwaza kodi, nikiwaza dada yangu, nikiwaza itakuwaje nikinyamaza. Halafu nikawaza pakiti nyingine. Sita zilipanda. Hazijatumika zote. Saa hiyohiyo mtu anaweza kuwa anafungua nyingine.

Nikapanda ngazi kwenda kwa sista anayesimamia mambo ya kuzuia maambukizi. Hospitali nzima inamwita Sista Sabuni, kwa sababu hata ukimpa mkono anakuuliza umenawa lini. Nikamwekea risiti mezani.

Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Namba ya mzunguko?"

Kila pakiti huwa ina kibandiko cha tarehe, mashine na mzunguko. Kazi yake ni siku kama ile. Dakika ishirini baadaye tulikuwa na pakiti nne mikononi, hazijafunguliwa. Mbili zilikuwa zimetumika. Dereva mmoja wa lori aliyepasuliwa ngiri, na mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji.

Watu wawili. Wana nyuso, wana ndugu, wamelala juu wodini hawajui lolote.

"Wataambiwa leo," Sista Sabuni alisema. "Na wewe kesho kutwa kwenye kamati. Lete maelezo ya maandishi."

Ndiyo nikaja asubuhi ya pili nikakuta maelezo yameshaandikwa.

Yalikuwa na maneno makali. "Mimi, kwa uzembe wangu mkubwa usiosameheka, nimeiaibisha hospitali na taaluma yangu. Nakiri kwamba mimi peke yangu ndiye chanzo cha yote. Mashine ni nzima. Tukio ni hili moja tu. Nastahili adhabu yoyote."

Chuma alikuwa amesimama mlangoni.

"Saini. Wakiona umejutia hivyo watakuonea huruma. Nimekusaidia."

Jamani, nilishika kalamu.

Si kwa woga tu. Usiku mzima nilikuwa nimejiita maneno mabaya kuliko hayo. Barua ile ilisema kile nilichokuwa najisikia. Kuna raha fulani ya ajabu katika kujichapa. Ukijichapa vya kutosha unaona kama umelipa.

Kalamu ikafika kwenye karatasi. Halafu macho yakarudi kwenye sentensi moja fupi.

Mashine ni nzima.

Mimi najuaje? Mimi si fundi.

"Mzee, naomba niandike ya kwangu."

Chuma alinitazama kama mdudu kwenye sahani.

"Unajiona msomi? Haya. Andika. Halafu ukifukuzwa usije kunililia hapa."

Jioni nikakaa sebuleni kwa dada yangu. Dada ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, kazi yake imemfundisha kutoamini jicho mpaka aone futi. Nikaandika kurasa mbili, nikampa, naye akaweka nguo chini.

Alisoma mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Hili umeandika kosa au umeandika tanzia?"

"Dada, nimejutia."

"Nimeona. Umejutia mara kumi na moja, nimehesabu. Sasa niambie, ulifanya nini?"

"Si nimeandika hapo?"

"Umeandika wewe ni mtu wa aina gani. Sijakuuliza hilo, nakujua toka una meno mawili. Nauliza ulifanya nini. Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini."

"Haimo. Risiti ulipeleka wapi?"

"Mfukoni."

"Haimo. Kwa nini hukuisoma?"

"Thieta walikuwa wananisukuma."

"Walikusukuma, au walipiga simu?"

"Walipiga simu. Mara tatu."

"Basi andika walipiga simu mara tatu. Usiandike walikulazimisha, hawakukushika mkono. Wala usiifiche hiyo simu ili uonekane mwema. Iweke ilivyo."

Nikachana. Nikaanza upya. Kila nikiandika "kwa bahati mbaya", anagonga meza kwa kidole. Kila nikiandika "uzembe usiosameheka", anagonga.

"Kusamehe si kazi yako," alisema. "Wewe andika."

Ikabaki ukurasa mmoja. Nawawekea hapa kama ulivyokuwa, maana watu wengi wamekuwa wakiniuliza:

"Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilitoa pakiti sita za mashine namba mbili, mzunguko wa tatu, bila kusoma risiti. Niliangalia tepu ya nje tu. Ninajua tepu ya nje haitoshi, nimefundishwa hivyo. Niliandika 'imepita' na kusaini kitu ambacho sikuwa nimekithibitisha.

Thieta walikuwa wamepiga simu mara tatu. Uamuzi wa kutoa pakiti ulikuwa wangu.

Niliisoma risiti saa tisa alasiri. Joto lilikaa dakika moja na sekunde kumi badala ya dakika nne. Nilimwambia mkuu wa kitengo, kisha nikamwambia sista wa maambukizi. Kati ya hapo nilikaa koridoni kama robo saa bila kufanya lolote. Pakiti mbili zilitumika kwa wagonjwa wawili.

Nisiyoyajua: Sijui kwa nini joto lilishuka. Sijui kama mashine ni nzima. Kila asubuhi inatakiwa ipimwe kwa karatasi maalumu kuona kama inatoa hewa yote ndani. Kwenye daftari sikuona kipimo cha siku ile, wala cha siku nne kabla yake. Mimi nami nilianza kazi siku hizo bila kuuliza. Sijui kama kipimo kinachokaa ndani ya pakiti kilisomwa thieta zilipofunguliwa.

Naomba wagonjwa waambiwe ukweli wote, na nitajibu swali lolote watakalokuwa nalo kwangu."

Basi.

Kamati ilikaa chumba cha mikutano, watu saba upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili peke yangu. Hakuna aliyeniambia niketi. Nikaketi.

Nikasoma. Nilipomaliza, daktari wa upasuaji, yule aliyempasua dereva, akaegemea mbele.

"Ndiyo hivyo? Umesoma kama unasoma orodha ya sokoni. Huna hata haya?"

"Ninayo, daktari."

"Mbona sijaiona? Mimi ndiye niliyesimama juzi mbele ya mgonjwa wangu kumwambia vifaa nilivyomtia tumboni havikuwa safi. Alinitukania mama yangu. Na wewe hapa hata chozi!"

Wengine wakaguna. Chuma, aliyeketi mwisho wa meza, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu mwema.

"Nilimwandalia barua ya heshima," akasema. "Akaikataa. Kiburi, waheshimiwa. Kizazi hiki hakijui kuomba radhi."

Chozi lilikuwa pale pale, lingetaka kutoka lingetoka.

"Daktari," nikasema, "nikilia hapa mtaanza kunibembeleza au kunifokea, na tutaondoka tukijua kwamba mimi nimelia. Wale wagonjwa wawili hawatapata kitu. Niulizeni kuhusu mashine."

Hakuna aliyefurahi, msidhani palipigwa makofi. Daktari alinitazama kwa chuki ambayo naikumbuka mpaka leo.

Sista Sabuni peke yake alikuwa ameinamia karatasi yangu, kidole chake kwenye kile kipande cha "nisiyoyajua".

"Siku tano hakuna kipimo cha asubuhi," akasema. "Mkuu wa kitengo, ni kweli?"

"Karatasi zile zilikuwa zimeisha," Chuma akajibu. "Mashine ni nzima. Naijua mashine yangu."

"Basi fundi akiifungua haitatuudhi."

Fundi alikuja kesho yake. Kwanza akatuonyesha mpira unaoziba mlango wa mashine: umechoka, umepasuka ukingoni, mvuke unapenya hapo. Siku nyingine unaziba, siku nyingine hauzibi. Halafu akachomeka kompyuta yake kwenye mashine, maana hata ukichana risiti, mashine inakumbuka.

Katika miezi miwili, mizunguko minne ilikuwa imekatika kabla ya wakati.

Mmoja ulikuwa wangu.

Sista Sabuni akafungua daftari, akatafuta ile mitatu mingine. Tarehe ya kwanza: "imepita". Ya pili: "imepita". Ya tatu: "imepita".

Sahihi zote tatu ni za Chuma.

Nilikuwepo. Nilimwona akiangalia sahihi yake mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Niliomba mpira mpya toka mwaka juzi. Wakaniambia nisubiri. Mngetaka nifunge thieta?"

Na jamani, hilo nalo lilikuwa kweli. Barua zake za kuomba mpira zilipatikana, tatu. Kosa lake lilikuwa halitofautiani sana na langu. Tofauti ni kwamba alitaka langu liwe kubwa na la kulia, ili lizibe yale mengine. "Tukio ni hili moja tu." Ningesaini ile sentensi, faili lingefungwa siku ileile, na mashine ingeendelea kupika.

Chuma alisimamishwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na miezi sita bila ruhusa ya kutoa pakiti yoyote. Nikarudishwa kwenye sinki, kuosha damu kama siku yangu ya kwanza. Sikukata rufaa. Ilikuwa haki.

Kitengoni hakuna aliyenisemesha.

Mama Pacha, mwenzangu wa miaka sita, tuliyekuwa tukinywa chai kikombe kimoja, alihamisha kiti chake. Siku moja akanitolea la moyoni.

"Mzee wa watu alibakiza mwaka mmoja astaafu. Umefurahi?"

"Sijafurahi."

"Ungesaini tu ile barua. Wewe bado kijana, ungepata kazi kwingine. Mjinga mkubwa!"

Dereva wa lori naye alitaka kuniona. Nikapanda wodini nikiwa nimejiandaa kujibu maswali. Hakuwa na swali.

"Nilitaka nikuone sura tu," alisema. "Sasa ondoka."

Yeye na yule mama aliyejifungua walipimwa damu siku ile, wakapimwa tena baada ya wiki sita, baada ya miezi mitatu, baada ya sita. Majibu yote yalikuwa safi. Nawaambia hivyo ili msiwe na wasiwasi, si kwa ajili ya kujitetea. Miezi sita ya kusubiri jibu la damu yako si kitu kidogo, na niliwapa mimi.

Lakini kabla majibu hayo hayajaisha, lilikuja jingine.

Wiki ya tatu nikiwa sinki, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwanamke mwembamba, ameshikilia ubavu kwa mkono. Sista Sabuni yuko nyuma yake anahema, amemfuata mbio.

"Ni wewe uliyeandika ile karatasi?"

Nikavua glavu. "Ni mimi. Shikamoo dada."

"Sitaki shikamoo yako."

Alikuwa amepasuliwa miezi miwili iliyopita. Kidonda kikakataa kufunga. Kila wiki anakuja kusafishwa, na kila wiki wauguzi wanamwambia maneno yaleyale: hujui kuoga, unakishika kwa mikono michafu, nyinyi ndio mnaotuharibia takwimu. Akaambiwa mbele ya mumewe. Mume akalibeba neno lile mpaka nyumbani. Akahamia chumba kingine. Mama mkwe akakataa kula alichopika.

Pakiti iliyotumika kwake ilitoka kwenye mzunguko wa pili kati ya ile mitatu. Kuwatafuta wagonjwa wa mizunguko ile ya zamani kulichukua muda; yeye alikuwa ameambiwa asubuhi ile.

"Pole sana, dada," nikaanza, "kwa kweli..."

"Nyamaza! Nimechoka na pole. Daktari pole, sista pole, sasa na wewe pole. Pole zenu niziweke wapi?" Akaonyesha mlango kwa kidole. "Mume wangu amekaa nje kwenye benchi. Miezi miwili ananiita mchafu. Nimemwambia sasa hivi, hataki kuamini, anasema najitetea. Njoo umwambie. Kama ulivyoandika. Bila kupamba."

Nilimtazama Sista Sabuni. Akasema, "Amesema mwenyewe. Twende wote."

Tukatoka. Mwanaume alikuwa ameketi, amekunja mikono, mfuko wa dawa miguuni. Aproni yangu ilikuwa inadondosha maji sakafuni.

"Shemeji," nikasema, "mimi ni mtakasa vifaa hapa. Vifaa alivyopasuliwa mkeo vilitoka kwenye mashine iliyokatika kabla ya muda. Tumeona kwenye kumbukumbu ya mashine. Vilitolewa vikitajwa kuwa viko tayari, na havikuwa tayari. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ndivyo vilivyoharibu kidonda. Lakini hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mkeo ni mchafu. Hilo walisema watu bila kupima."

Mume alimtazama mkewe. Mkewe hakumtazama, alikuwa ananitazama mimi, macho makavu.

"Rudia," akasema. "Hiyo ya mwisho."

Nikarudia.

Mwanaume akainuka, akaokota mfuko wa dawa, akanyoosha mkono kumshika mkewe bega. Mwanamke akausogeza ule mkono kando, akaondoka peke yake, akitembea taratibu kwa sababu ya ubavu. Mume akamfuata hatua tatu nyuma.

Hakuniaga. Hakunishukuru. Sikutarajia.

Nikarudi sinki.

Mkisoma hapa mnaotafuta la kujifunza, la kwangu ni hili. Siku ukikosea kazini, na utakosea, watakuja watu wawili: mmoja atakwambia nyamaza, mwingine atakwambia lia. Wote wawili wanaweza kuwa mtu mmoja. Usimsikilize yeyote. Andika ulichofanya, saa uliyofanya, na usichokijua. Kile usichokijua kiandike kwa herufi kubwa kuliko vyote, maana huko ndiko waliko watu wengine walioumia, na hawana habari.